Adui wa Kamera Pwani Yuko Hewani

Mpiga video wa harusi anayefanya kazi Unguja, Mombasa au Dar es Salaam humwogopa sana mvua. Ananunua mwavuli mkubwa, anaweka koti la mvua kwenye mkoba, na asubuhi anatazama mawingu kabla ya kunywa chai. Hayo yote ni ya maana. Lakini kamera nyingi zinazopelekwa kwa fundi ukanda wa pwani hazikulowa mvua hata siku moja. Zimeharibiwa na maji ambayo hayaonekani, yaliyomo ndani ya hewa yenyewe, na mara nyingi maji hayo yaliingia siku jua lilipokuwa kali.

Mambo hutokea hivi. Kamera imelala usiku kucha chumbani, kiyoyozi kikiwa nyuzi 20 za Selsiasi. Alasiri inatolewa nje ghafla, bibi harusi tayari anashuka kwenye gari, na picha kwenye kioo inaonekana nyeupe kama imefunikwa na moshi. Mpiga video anafuta lenzi kwa kitambaa. Inang'aa kwa sekunde chache, kisha ukungu unarudi. Anafuta tena, unarudi tena. Dakika ishirini za mwanzo, ambazo ndizo familia inazozitaka kuliko zote, zimepotea.

Kinachoendelea hapo ni kile kile kinachoifanya chupa ya soda baridi itoke jasho mezani. Hewa ya moto hubeba mvuke mwingi wa maji. Ikigusa kitu baridi inapoa, inashindwa kuubeba mvuke wote, na unaozidi unageuka matone. Kila hali ya hewa ina joto lake ambalo umande huanza kufanyika, na linaweza kukokotolewa. Chukua alasiri ya masika mwezi wa Aprili: joto nyuzi 31, unyevu wa hewa asilimia 75. Kwa hewa ya namna hiyo umande huanza kwenye nyuzi 26. Maana yake, kitu chochote chenye joto chini ya nyuzi 26 kikitolewa nje kitalowa, na kamera yenye nyuzi 20 iko chini kabisa ya mpaka huo. Ndiyo sababu kufuta hakusaidii: kioo bado ni baridi, na hewa iliyokizunguka ina maji ya kutosha kukilowesha upya kila mara.

Umande wa juu ya kioo unaudhi, lakini unakauka. Hatari kubwa ni ule wa ndani. Mtu akishikwa na wasiwasi akafungua lenzi ili aone tatizo liko wapi, anaikaribisha hewa yenye mvuke moja kwa moja kwenye sensa ya picha, ambayo nayo ni baridi. Lenzi za kuvuta zile zinazorefuka zinapozungushwa hufanya jambo linalofanana na hilo hata bila kufunguliwa, kwa kuwa kila zikirefuka huvuta hewa ya nje ndani. Kamera ikishapata ukungu inatakiwa izimwe, betri itolewe, na iachwe kivulini mpaka ipate joto la mahali pale. Kuipulizia mashine ya kukaushia nywele ni kuongeza tatizo, kwa sababu joto lake kali linaweza kulegeza gundi na kusukuma unyevu ndani zaidi.

Dawa yenyewe haina gharama. Inataka muda tu. Kamera ifungiwe kwenye chombo kisichopitisha hewa ikiwa bado ndani ya chumba chenye kiyoyozi, kisha chombo chote ndicho kitolewe nje. Ndani kunabaki hewa kavu ya chumbani. Umande utafanyika juu ya chombo badala ya kufanyika juu ya kamera, huku vilivyomo vikipata joto taratibu. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019, chombo kinachofaa na kupatikana kila mahali ni lile kontena la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye mfuniko wa kubana na ukanda wa mpira pembeni.

Tuseme shughuli inaanza saa kumi jioni, kwenye bustani ya hoteli. Saa nane mchana, bado chumbani, betri zilizojaa na kadi tupu zinawekwa kwenye kamera, lenzi itakayotumika mwanzo inafungwa, na mfuniko unabanwa. Baada ya hapo hakuna cha kukifungulia chombo. Kinapelekwa kwenye baraza yenye kivuli, si juani, na kinaachwa. Kamera ndogo yenye lenzi ya kawaida huhitaji kiasi cha nusu saa hadi saa moja. Lenzi ndefu na nzito hutaka zaidi. Nje ya kontena kukikauka ni dalili nzuri, ila isitegemewe peke yake, kwani plastiki nyembamba hupata joto mapema kuliko chuma na vioo vilivyo ndani. Ndiyo maana saa moja na nusu ni makadirio ya salama, na saa tisa unusu kontena linafunguliwa bila haraka. Asiyekuwa na muda huo ana njia nyingine: usiku kamera isilale kwenye baridi kabisa, bali ibaki kwenye korido au sebule isiyo na kiyoyozi.

Simu nayo haikusalimika, hata ile yenye alama ya IP68. Alama hiyo ni kipimo cha kimataifa: tarakimu 6 inasema vumbi haliingii, na 8 inasema simu inahimili kuzama kwenye maji ya kina cha zaidi ya mita moja, kwa masharti aliyoyaweka mtengenezaji. Majaribio hayo hufanywa simu ikiwa mpya, kwa maji baridi na safi. Hayazungumzii maji ya bahari, wala simu iliyokwisha kuanguka mara kadhaa au kubadilishwa kioo mtaani, kwa sababu gundi na mipira ya kuzuia maji huchoka na haijirudishi. Ukungu ukionekana nyuma ya kioo cha kamera ya simu, mahali ambapo kitambaa hakifiki, unyevu umeshaingia ndani.

Mvua yenyewe, ikija, ina tundu lake inalolipenda. Kamera nyingi za kitaalamu zimezibwa kwa mpira kwenye milango ya betri, kadi na nyaya. Lakini mpiga video akichomeka waya wa maikrofoni, kifuniko cha mpira kinabaki wazi muda wote wa kazi, na kinga ya upande huo haipo tena. Koti la mvua la kamera lifunike pia sehemu ya nyaya, na waya uachwe uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye tundu, ili tone linaloteleza juu yake lidondokee chini. Kwenye simu usumbufu ni wa namna nyingine: matone yakigusa kioo, simu hudhani ni kidole, ikasimamisha kurekodi yenyewe. Simu nyingi huruhusu kuanza na kusimamisha kwa kitufe cha sauti, na wakati wa mvua hicho ndicho cha kutumia.

Simu iliyolowa isichajiwe. Umeme ukipita kwenye tundu lenye maji huzilisha zile pini ndogo kutu, hasa maji yakiwa ya chumvi. Igongwe taratibu kwenye kiganja, tundu likitazama chini, kisha iachwe mahali penye upepo. Mchele, ambao watu wengi huukimbilia, hausaidii. Kampuni ya Apple imewaonya wateja wake wasiutumie, kwa kuwa vumbi na chembe zake zinaweza kuingia kwenye simu na kuiharibu. Ikiwa simu au kamera imerushiwa maji ya bahari, ipanguswe kwanza kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa, kisha kwa kitambaa kikavu. Chumvi inayoachwa ikauke hunyonya unyevu wa hewa kila siku na kuendelea kula chuma.

Joto huwaumiza zaidi wanaotumia simu. Apple imeweka kikomo cha matumizi ya iPhone kuwa hewa ya nyuzi 0 hadi 35, na mchana wa kaskazi juani mpaka huo huvukwa kirahisi. Simu huanza kwa kupunguza mwanga wa kioo, kisha inakatisha kurekodi. Kinachoipasha si jua peke yake: ni video ya ubora wa juu kabisa, kioo kilichowashwa kwa mwanga wote, na kuchaji huku ikirekodi. Kuvua kava, kuiwekea kivuli cha mwavuli na kuchaji kabla ya kazi husaidia sana. Kuiweka kwenye friji ipoe ni kosa baya, kwa sababu ikitoka humo inakuwa kitu baridi katikati ya hewa yenye mvuke, yaani ule ule umande wa chumbani.

Vumbi ni habari ya bara kuliko pwani, kwa mfano mbuga ya Amboseli wakati wa kiangazi. Huko lenzi ibadilishwe ndani ya gari, vioo vikiwa vimepandishwa na injini imezimwa, huku kamera imeinamishwa chini. Vumbi litolewe kwa pampu ndogo ya mpira. Pumzi ya mdomo hurusha mate, nayo mate hukauka na kuacha madoa.

Kazi ikiisha, ndipo adui wa polepole anapoanza. Kamera iliyofungiwa kwenye mkoba wenye unyevu, gizani, kwa wiki kadhaa huota kuvu ndani ya lenzi. Kuvu hustawi unyevu unapokaa juu ya asilimia 60 au 70, na pwani hiyo ndiyo hali ya kawaida ya mwaka mzima. Lile kontena la chakula linafaa tena hapa, safari hii likiwa na silika jeli, zile punje zinazokuja kwenye vifuko ndani ya viatu vipya, pamoja na kipima unyevu kidogo. Kati ya asilimia 40 na 50 panatosha. Hewa ya alasiri ile ya Aprili, lita kumi zake, ina maji ya karibu robo ya gramu tu, kwa hiyo gramu 50 za silika ni nyingi kwa chombo cha ukubwa huo. Kinachozichosha ni kamba na mkoba uliolowa jasho kuwekwa humo, na mfuniko kufunguliwa mara kwa mara. Punje za rangi ya chungwa hugeuka kijani zikishiba maji, na hurudishwa kwa kuokwa kwenye nyuzi kama 120 kwa saa mbili au tatu. Za buluu zinazogeuka waridi zina chumvi ya kobalti, ambayo ni sumu, zisiingie jikoni.

Kuvu hukaguliwa kwa tochi. Lenzi inatolewa kwenye kamera, tundu lake linafunguliwa kabisa, mwanga unapitishwa kutoka nyuma kwa mshazari, na mkaguzi anatazama mbele. Vumbi huonekana kama nukta zilizotawanyika. Kuvu ni nyuzi nyembamba zenye matawi, mara nyingi zikianzia pembeni mwa kioo. Zikigunduliwa mapema, fundi anaweza kufungua lenzi na kuzisafisha. Zikishakaa muda mrefu, asidi inayotoka kwenye kuvu huwa imekula ule utando mwembamba wa juu ya kioo, na hata kuvu ikiondolewa yote, alama zake hubaki na picha inayopigwa kuelekea mwanga hutoka imefifia.