Daraja Lenye Daraja la Nne

Soma sentensi hii kwa sauti: "Daraja hili lina daraja la nne." Katika kikao cha baraza la madiwani, diwani mmoja ataelewa kwamba linazungumziwa daraja la nne ukihesabu kutoka mjini. Mwingine, ambaye mwanawe amepokea matokeo ya kidato cha nne, ataona kwamba daraja limeponea chupuchupu kufeli. Mhandisi aliyeandika ripoti kwa Kiingereza hakumaanisha jambo la kwanza, na la pili inategemea alitumia kipimo cha nchi gani.

Wamarekani hupima hali ya daraja kwa alama za 9 hadi 0. Alama 9 ni daraja kama jipya, 4 ni hali mbaya, na 0 ni daraja lililokwisha kazi. Wajerumani huhesabu kinyume: 1.0 ndiyo hali bora na 4.0 ndiyo mwisho wa ubaya. Kwa hiyo 4 ya Marekani ni daraja linalohitaji matengenezo ilhali kwa kawaida magari bado yanapita, na 4 ya Ujerumani ni daraja linalopaswa kushughulikiwa siku hiyohiyo. Mimi hulitumia neno "alama" na kuliacha "daraja" libaki la kuvukia maji, kisha kila namba inapojitokeza naandika upande wake: "alama 4, ambapo 9 ni nzuri kabisa na 0 ni mbovu kabisa." Inachosha kuandika hivyo mara ishirini katika ripoti moja, lakini diwani hufungua ukurasa unaohusu kata yake tu. Maelezo yakiwa ukurasa wa kwanza pekee, hatayaona.

Tuchukue mfano wa daraja la zege lenye boriti za mita 30 kutoka nguzo hadi nguzo. Ripoti inasema mambo mawili kuhusu boriti ya pili. Katikati yake, upande wa chini, kuna nyufa za wima zenye upana wa milimita 0.15. Kwenye ncha ya kaskazini, juu tu ya mahali inapoegemea nguzo, kuna ufa mmoja wa mshazari wenye upana wa milimita 0.4. Mtafsiri akiandika "boriti ina nyufa katikati na pembeni" amefuta habari yote.

Msikilizaji wa Kiswahili akisikia "ufa" tayari anauona ukuta unaojengwa upya. Methali imemfundisha hivyo tangu utotoni. Zege lina tabia nyingine. Linastahimili sana kubanwa, lakini likivutwa hukatika upesi, ndiyo maana ndani yake hulazwa nondo. Boriti ikibeba mzigo, upande wake wa chini huvutwa, zege linapasuka nyufa nyembamba kama unywele, na hapo ndipo nondo zinaposhika kazi zilizowekewa. Wasanifu wengi huruhusu nyufa za namna hiyo hadi milimita 0.3. Zile za katikati ya boriti yetu zimo ndani ya kiwango.

Ule wa mshazari ni habari nyingine kabisa. Ufa unaoanzia kwenye egemeo na kupanda kwa kulala kuelekea katikati huashiria kwamba boriti inataka kukatika kwa mkato, na kukatika kwa namna hiyo huweza kutokea ghafla, bila boriti kupinda kwanza ikatoa onyo. Ndiyo maana mwelekeo wa ufa ni lazima utafsiriwe kabla ya ukubwa wake: wima, mshazari, au sambamba na nondo. Huu wa mwisho, hasa ukiwa na michirizi ya kahawia, maana yake nondo zimeshika kutu, na kutu hiyo, kwa kuwa hutanuka kuliko chuma kilichokuwapo, inalisukuma zege kutoka ndani.

Kurasa kumi mbele, ripoti inataja beringi. Hapa msomaji huona gololi za gurudumu la baiskeli. Beringi ya daraja ni kitu kinachokaa kati ya boriti na kichwa cha nguzo. Inaweza kuwa kipande kinene cha mpira chenye mabati ya chuma ndani yake, au bamba la chuma linaloteleza juu ya jingine. Kazi yake ni kubeba uzito huku ikiiruhusu boriti kujinyoosha mchana na kujikunja usiku. Boriti ya mita 30 joto likipanda kwa nyuzi 25 hurefuka kama milimita 7 au 8. Ni kidogo, lakini hakuna nguvu ya nguzo itakayoizuia bila kitu fulani kuumia.

Kwa kawaida ncha moja ya boriti huwekewa beringi isiyosogea kwa makusudi, na nyingine ile inayosogea. Ile isiyosogea huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo pia hutumika kwa kitu kilichorekebishwa, na nimewahi kuona tafsiri iliyosema beringi "imetengenezwa" mahali ambapo hakuna fundi aliyewahi kufika. Ile inayosogea, ikishika kutu na kukataa kuteleza, Waingereza husema imeganda kama barafu. Sisi tuseme imekwama.

Katika mfano wetu beringi ya ncha ya kaskazini imekwama. Sasa ufa ule wa mshazari umepata maelezo: usiku boriti inapojikunja, beringi inaishikilia, na zege la ncha linavutwa. Kwa nini ilikwama? Ukurasa mwingine unasema kiungio cha barabarani, juu ya nguzo hiyo, kinavuja, na maji ya mvua hudondoka moja kwa moja juu ya beringi. Mambo haya matatu yako kurasa tatu tofauti. Kama mtafsiri ameita ncha hiyo "ya kaskazini" hapa, "ya pili" pale na "ya mbali" kwingine, hakuna msomaji atakayeyaunganisha.

Mwisho huja jedwali la nini kifanywe kwanza, na hapa Kiswahili chetu kina mitego yake. "Kiungio kisafishwe mara moja": sasa hivi, au safari moja tu? "Ufa ufuatiliwe": ofisini kufuatilia ni kupiga simu kuuliza faili limefika wapi, ilhali mhandisi anataka ufa upimwe tena. Na "haraka" tunalitumia kwa kila kitu mpaka halina uzito.

Pittsburgh, Marekani, daraja la Fern Hollow lilianguka asubuhi ya tarehe 28 Januari 2022 likiwa na alama 4. Basi lilikuwa juu yake, hakuna aliyekufa. Wachunguzi wa bodi ya taifa ya usalama wa usafiri walikuta kwamba mifereji ilikuwa imeziba, maji na takataka vikatuama na kuila miguu ya chuma, na ripoti za ukaguzi zilikuwa zimerudia mapendekezo yaleyale ya matengenezo kwa miaka bila kutekelezwa. Ripoti hizo zilikuwa katika lugha ya wasomaji wake wenyewe. Pendekezo lisilo na tarehe wala mtendaji hupuuzwa hata bila kutafsiriwa.

Mtafsiri hana ruhusa ya kubuni tarehe. Anachoweza ni kumpigia mhandisi simu na kumuuliza "haraka" yake ni siku ngapi, kisha kuandika jibu. Kwa boriti yetu, jedwali lingesomeka hivi: malori mazito yazuiwe kuanzia leo hadi mhandisi akague tena; ndani ya siku 30 kiungio kinachovuja kizibwe; ndani ya miezi 3 boriti iinuliwe kwa jeki na beringi ya kaskazini ibadilishwe; na ufa wa mshazari upimwe upana kila wiki, kwenye alama zilezile za rangi, hadi kazi ya beringi iishe. Ufa wenyewe hudungwa gundi ya epoksi baada ya hapo. Ukidungwa kabla, beringi ikiwa bado imekwama, zege litapasuka tena pembeni ya gundi, kwa hiyo neno "baada" katika mstari huo nalipigia mstari kwa wino.