Kodi ya duka ikipandishwa, barua pekee haitoshi

Mpangaji ambaye mkataba wake wa duka wa miaka mitatu unaisha, na anatakiwa kulipa Sh35,000 badala ya Sh20,000, bado ana kinga. Sheria, Sura ya 301, humlazimu mwenye jengo kutoa ilani rasmi ya miezi miwili, naye mpangaji hujibu kwa maandishi katika muda wa mwezi mmoja.

Barua yake iseme waziwazi: "Sikubaliani na nyongeza ya Sh15,000. Maduka jirani yenye ukubwa huu hutozwa Sh23,000, nami niko tayari kulipa kiasi hicho."

Hata hivyo, mazungumzo hayasimamishi ilani. Asipowasilisha pingamizi kwa jopo la kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe iliyotajwa, kodi mpya huanza kutekelezwa.