Bao 1-0 lina nafasi kiasi gani?

Mwenyeji amekuwa akifunga wastani wa mabao 1.8 kwake. Mgeni wake, akiwa ugenini, hufungwa 1.65. Je, tutegemee mabao mangapi langoni mwa mgeni? Wengi hujumlisha wakagawa kwa mbili, lakini hapo wanasahau kuuliza ligi yenyewe ina mabao kiasi gani.

Tuseme katika ligi hii ya mfano wenyeji wote hufunga wastani wa 1.5. Basi 1.8 kugawanya kwa 1.5 ni 1.2: mwenyeji wetu anashambulia kuliko wenyeji wa kawaida kwa asilimia 20. Ngome ya mgeni nayo, 1.65 kwa 1.5, ni 1.1, yaani inavuja kidogo. Zidisha 1.2 kwa 1.1, kisha kwa 1.5, upate 1.98. Tukifanya hivyo upande wa pili, tuseme mgeni anapata 0.9.

Wastani huo ndio unaoingia kwenye kanuni ya Siméon Denis Poisson, Mfaransa aliyeichapisha mwaka 1837:

```
P(k) = λ^k × e^(−λ) / k!
```

Hapo λ ni wastani, k ni idadi ya mabao unayoulizia, na e ni takriban 2.718. Kwa 1.98, mwenyeji ana asilimia 27.3 za kufunga bao moja tu, na 27.1 za kufunga mawili. Mgeni ana asilimia 40.7 za kutoka kapa. Ukizidisha 0.273 kwa 0.407 unapata 0.111, yaani 1-0 ina asilimia 11.

Na hayo ndiyo matokeo yenye nafasi kubwa kuliko yote! 2-0 yanayafuata unyayo kwa unyayo. Anayekuuzia mkeka wa matokeo kamili "ya uhakika" anauza kitu ambacho, hata kikiwa bora kabisa, hukosa karibu mara tisa kati ya kumi. Kinachofaa zaidi ni kujumlisha matokeo yote: mwenyeji anashinda kwa asilimia 63, sare 21, mgeni 16.

Udhaifu wake ni kwamba kule kuzidisha kunachukulia kuwa timu hizi mbili zinafunga bila kuathiriana. Uwanjani si hivyo. Aliyetangulia hurudi nyuma kulinda, aliyefungwa hufunguka. Mwaka 1997 Mark Dixon na Stuart Coles, wakitumia mechi za Uingereza, walionyesha kuwa suluhu na sare ya 1-1 hutokea zaidi ya inavyotabiriwa, wakaongeza marekebisho kwa matokeo ya mabao machache.

Kasoro nyingine haihitaji hesabu ngumu: wastani wa mechi nne za mwanzo wa msimu, tatu kati yake dhidi ya vibonde, hausemi lolote. Ukitaka kujua kama makadirio yako yanafaa, kusanya mechi ulizozipa sare kwa takriban asilimia 20. Zikiwa mia kadhaa, na thelathini kati ya kila mia zimeishia sare, tatizo liko kwenye hesabu yako, si kwa mwamuzi.