Kwa nini hailaita hung'aa chini ya tochi ya noti

Chukua hailaita ya manjano, chora mstari kwenye karatasi, zima taa, kisha uumulike kwa tochi ya kukagulia noti. Mstari utawaka kijani kibichi, ingawa mwanga wa tochi yenyewe huuoni vizuri. Huo ni mwanga wa urujuanimno, tuseme wa nanomita 365.

Wino wa manjano mara nyingi huwa na rangi iitwayo piranini. Fotoni moja ya tochi hubeba takriban elektronivolti 3.4. Molekuli ikiimeza, elektroni yake hupanda ngazi ya juu ya nishati. Haishuki papo hapo. Kwanza molekuli hutikisika na kuzisukuma jirani zake, na sehemu ya nishati hupotea kama joto. Elektroni inaposhuka, hutoa fotoni ya kijani ya takriban nanomita 510, yaani elektronivolti 2.4. Moja nzima imeishia njiani!

Yote hayo huchukua nanosekunde chache, ndiyo maana ukizima tochi mng'ao hukatika mara moja. Jaribu pia taa nyekundu: mstari hautang'aa, kwani fotoni zake hazina nguvu ya kutosha. Ila usimulike macho ya mtu.