Wimbo wa sekunde 30 wa duka la mtaani: mizani, mkazo na pigo (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tulimwacha mwenye duka akiwa ameshakubaliana na kituo cha redio kuhusu muda wa tangazo lake, yaani sekunde 30. Leo tuingie kwenye wimbo wenyewe, ule ambao watu wa redio huuita jingo. Nitautengeneza mmoja hapa mbele yenu, hatua kwa hatua, kwa ajili ya duka la mfano lililoko Tandika, wilayani Temeke. Jina la mwenye duka nimelibuni, tumwite Mama Zai. Duka lenyewe mnalijua kwa sababu lipo kila mtaa, kuanzia Mbagala mpaka Mwananyamala: unga, mchele, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, dirisha la nondo, na mtoto aliyetumwa chumvi amesimama nje na sarafu mkononi.

Kosa linaloua nyimbo nyingi za aina hii hutokea kabla hata ya kufika studio. Mwenye duka huandika maneno anavyopenda, kisha humtaka mtayarishaji ayaingize kwenye biti. Maneno yakigoma kuingia, mwimbaji huyasukuma kwa nguvu. Kiswahili hakikubali kusukumwa. Karibu kila neno letu lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio la Mswahili limezoea kuusubiri mkazo hapo hapo. Ukiuhamisha, msikilizaji anasikia kama mgeni ndiye anayeimba, na wakati mwingine maana yenyewe inageuka. Chukua neno barabara. Ukikaza silabi ya pili kutoka mwisho, umetaja njia wanayopita magari. Ukikaza ile ya tatu kutoka mwisho, umesema jambo limekaa sawasawa. Herufi ni zile zile, tofauti ni pale sauti ilipokazwa.

Basi tuanze na kaulimbiu, na tuianzie dukani. Mteja wa Mama Zai hafuati bei ya jumla, bei hiyo iko Kariakoo. Anamfuata Mama Zai kwa sababu anapimiwa kidogo kidogo kulingana na alichonacho leo. Mwenye mia tano anaondoka na mafuta ya kukaangia mboga, na hakuna anayemkunjia uso. Mia tano kwa lugha ya Dar es Salaam ni jero. Kwa hiyo kaulimbiu yetu ni hii: Hata jero inatosha.

Ihesabu kwa vidole: ha-ta, je-ro, i-na, to-sha. Mizani nane. Wasomaji mliokulia kwenye mashairi ya Kiswahili mmeshaitambua hesabu hiyo, kwa sababu ndiyo nusu ya mshororo wa shairi letu la kawaida lenye mizani kumi na sita. Sikio letu limelelewa nayo madrasa, shuleni na kwenye kurasa za mashairi za magazeti. Anayetunga wimbo wa duka kwa mizani nane anatumia kipimo ambacho msikilizaji tayari anacho kichwani.

Sasa piga makofi manne ya mwendo mmoja, na kila kofi libebe mizani mbili. Kofi la kwanza linaangukia ha, la pili je, la tatu i, la nne to. Hata hukazwa kwenye ha, jero kwenye je, inatosha kwenye to. Kila mkazo wa maneno umekutana na kofi, na hilo la tatu lililobaki halimwonei mtu. Ndiyo maana kaulimbiu hii inaimbika hata na asiyejua kuimba.

Mstari wa pili lazima utaje duka na mahali. Mama Zai mwenyewe angependa uwe: Kwa Mama Zai, Tandika. Ndivyo watu wanavyosema mtaani, na mizani ni nane vilevile. Piga makofi tena. La kwanza limeangukia kwa. La pili limeangukia ma ya pili ya Mama. La tatu limeangukia i ya Zai. La nne ndilo pekee lililokaa mahali pake, kwenye ndi ya Tandika. Mwimbaji atalazimika kuimba mamá, kisha zaí, na jina la duka ndilo litakaloharibika, wakati jina hilo ndilo lililolipiwa. Hesabu ya mizani peke yake haitoshi, na hapa ndipo watunzi wengi wanapojikwaa.

Dawa yake ni ndogo. Ondoa kwa, weka wa katikati: Mama Zai wa Tandika. Ma-ma, za-i, wa-ta, ndi-ka. Makofi sasa yanaangukia ma ya kwanza, za, wa na ndi. Mkazo umerudi nyumbani, na mstari umefuata njia ile ile ya kaulimbiu. Mtu anaweza kuuliza kuhusu vina, maana sha na ka hazifanani. Ni kweli, mistari hii haina vina. Ningefurahi ingekuwa navyo, lakini sitabadilisha jina la mtaa ili nipate kina. Anayetafuta duka anatafuta Tandika.

Mahadhi yawe mepesi. Kwa waliozoea noti za kwaya, mstari wa kwanza nauweka hivi: so so, la so, mi mi, re re. Unaishia re, mahali ambapo sikio bado linangoja. Mstari wa pili: so so, la so, mi re, do do. Unatua do, na jina la Tandika ndilo linalotua. Mmoja anauliza, mwingine anajibu. Toka do mpaka la ni umbali ambao mtoto wa darasa la pili na mzee wa miaka sabini wote wanaufikia bila kukamia koo, na ni lazima waufikie, kwa sababu wimbo wa duka unaenezwa na wanaoutamka njiani wakienda kununua.

Tuje kwenye kasi. Watengenezaji hupima kasi kwa mapigo katika dakika moja. Ukichagua 96, sekunde 30 zinakupa mapigo 48, yaani mafungu 12 kamili ya mapigo manne manne. Kila fungu ni sekunde mbili na nusu, na kila fungu linabeba mstari mmoja wetu wa mizani nane. Ukichagua 100 kwa sababu tu ni namba ya mviringo, unapata mapigo 50: mafungu 12 na mapigo mawili yanayoning'inia. Wimbo utaishia katikati ya hatua, au mtayarishaji atauvuta mpaka uzidi sekunde 30. Tangazo lililozidi hurudishwa, au hukatwa mkia ili liingie kwenye nafasi yake. Na mkiani ndiko tulikoweka Tandika.

Mafungu hayo 12 nayagawa hivi. Moja ni kinanda peke yake kikipiga mahadhi, ili anayekuna nazi ageuze sikio. Mawili ni kaulimbiu na jina vikiimbwa. Matano, yaani sekunde 12 na nusu, ni ya mtu anayezungumza huku kinanda kikiendelea chini kwa chini. Manne ya mwisho ni kaulimbiu na jina, mara mbili, na mara ya pili waimbe watu wengi kwa pamoja. Sauti ya mwisho ikatwe mapema kidogo, ibaki nafasi ya kupumua kabla ya tangazo linalofuata.

Katika sekunde 12 na nusu za mazungumzo, maneno 25 ya Kiswahili yanakaa vizuri. Yangu ni haya: "Unga, mchele, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande. Tuko Tandika, mtaa wa nyuma ya soko. Tunafungua saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne usiku." Yasome kwa sauti huku ukitazama saa. Namba ya simu sikuiweka. Tarakimu kumi zikisomwa kwa utulivu zinameza karibu nusu ya mazungumzo hayo, na hakuna anayeshika namba akiwa kwenye daladala. Anayekuja kwa Mama Zai anakuja kwa miguu, kwa hiyo anahitaji mtaa na saa za kufungua.

Vijana wa Temeke wataniuliza kuhusu singeli, na wana haki, maana muziki huo umezaliwa mitaani kwetu. Singeli huvuka mapigo 200 kwa dakika, na kwa kasi hiyo maneno ya tangazo yanapotea. Lakini kuna njia. Ngoma ziende kwa 192, ambayo ni 96 mara mbili, na mwimbaji abaki kwenye 96 yake. Miguu inacheza singeli, masikio yanasikia Hata jero inatosha.

Nawasihi msichukue wimbo wa msanii anayevuma na kuubadilisha maneno. Mahadhi ni mali ya aliyeyatunga, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. COSOTA ndiyo inayosimamia mambo hayo. Zaidi ya hapo, msikilizaji akisikia mahadhi ya mwingine atamkumbuka huyo mwingine, na Mama Zai atakuwa amelipia tangazo la msanii.

Studioni usidanganyike na spika kubwa za ukutani. Omba wimbo uchezwe kwenye simu ndogo iliyowekwa dirishani, huku barabara ikipiga kelele. Besi nzito itatoweka, maana spika ya simu haiwezi kuitoa. Kitakachobaki ndicho atakachosikia mama aliyeko jikoni. Kama maneno hayasikiki hapo, sauti ya mwimbaji ipandishwe na ngoma zishuke, hata kama mtayarishaji atasikitika.

Kisha ufanye jaribio la mwisho. Mpigie mtoto wa jirani wimbo huo mara mbili tu, umwache akacheze. Baada ya saa moja mwombe akuimbie. Akileta mahadhi bila jina, jina halijakaa kwenye mkazo wake, rudi kwenye makofi. Akileta jina bila mahadhi, mahadhi ni magumu, yapunguze. Akivileta vyote viwili, peleka redioni.

Redio ya mjini hata hivyo inasikika mpaka Kibaha na Kigamboni, ambako hakuna atakayepanda daladala kufuata mafuta ya jero Tandika. Mama Zai atakuwa amelipia masikio mengi yasiyoweza kumfikia. Kwa hiyo akabidhiwe nakala ya wimbo wake kwenye simu, aupige kwa spika ndogo dukani saa 11 jioni, watu wanapopita kutoka kazini. Aliyeusikia redioni asubuhi, akiusikia tena mbele ya dirisha lile la nondo, anajua kwamba amefika.

Wewe mwenye duka unayesoma haya, kabla hujalipa studio hata shilingi, andika jina la duka lako na la mtaa wako kwenye karatasi, kisha upige makofi manne.