Je, Wajua? Vina vya Mikono

Je, wajua kwamba ushairi wa lugha ya alama una vina vyake? Badala ya sauti, ishara hurudia umbo lilelile la kiganja, na kiziwi huviona vina hivyo kwa macho.

Shairi la sauti linaposomwa kwenye sherehe, mkalimani wa lugha ya alama hulihamishia mikononi. Chukua mstari huu: “Jua lachomoza nyuma ya mlima.” Mkalimani huusimamisha mlima kwanza kwa mkono mmoja, ndipo wa pili ulipandishe jua nyuma yake. Kwa hiyo yeye huhitaji kuusikia mstari mzima kabla ya kuanza. Msomaji wa shairi asipotua, mstari wa pili humkuta mkalimani mlima ungali mkononi mwake, na picha huvurugika. Dawa yake: mpe mkalimani shairi mapema, kisha kila mwisho wa mstari subiri mikono itulie.