Barua yetu kwa komini juu ya takataka



Barua ya kwanza tuliyoipeleka komini ilipotea. Tulimwachia kijana wa mlangoni, na tuliporudi kuuliza tukaambiwa hakuna aliyeiona. Hatukuwa na kitu cha kuonyesha. Ya pili tuliiandika kwa Kifaransa, lugha ya ofisi, na mama wengi mmetuuliza inasema nini. Tafsiri yake ni hii:

«Bwana Burgumestre,

Yahusu: takataka zisizotolewa

Sisi mama wa avenyu hii, tuliotia sahihi hapa chini, tunakuletea malalamiko yetu. Tangu tarehe 4 Machi, takataka zilizo nyuma ya soko hazijatolewa hata mara moja. Zimeziba mtaro, na mvua ikinyesha maji machafu yanaingia katika nyumba 6.

Tunaomba mambo mawili: gari lije kuzitoa, na tujulishwe siku litakayopita kila juma.

Kufuatana na kifungu cha 27 cha Katiba, tunangoja jibu lako katika miezi 3.

Pokea, Bwana Burgumestre, heshima zetu.»

Mama wengine waliogopa kutia sahihi. Kifungu hicho cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa serikali, peke yake au pamoja na wengine. Serikali inapaswa kujibu katika miezi 3, na hakuna anayeweza kushitakiwa kwa sababu ya ombi hilo.

Lakini bila tarehe ya kupokelewa, mtahesabu miezi 3 kutoka wapi? Kwa hiyo safari hii tulipeleka nakala mbili kwenye sekretariati. Moja ilibaki, na ya pili tulirudi nayo ikiwa na kashe, tarehe, namba na sahihi ya aliyeipokea. Hiyo ndiyo akize de resepsion. Msitoke ofisini bila hiyo.

Baada ya juma mbili tulirudi na nakala yetu. Hatukuuliza «Barua yetu imefika wapi?» Tulitaja namba, tukauliza Burgumestre ameituma kwa huduma gani. Tuliambiwa iko kwa huduma ya mazingira. Huko tulikuta barua iko mezani, lakini hawakujua mtaro gani unaosemwa. Mama wawili waliongozana na wakala mpaka mahali penyewe. Gari lilikuja juma lililofuata.

Ombi la pili, siku ya kila juma, halijajibiwa, na takataka zimeanza tena kurundikana. Tumeandika barua fupi ya kukumbusha, yenye namba na tarehe ya ile ya kwanza iliyopigwa kashe, pamoja na fotokopi yake. Ninyi wa avenyu nyingine, mkiandika yenu, badilisheni tarehe, mahali na hesabu ya nyumba. Andikeni tu yale ambayo wakala akija atayaona kwa macho yake.

Jumanne tunaipeleka. Na hiyo pia, hatutoki bila kashe.